SOMO: Kamisheni Hulipwa Siku ya Mauzo, Jina Hulipwa Siku ya Hasara

Mawakala wa bima, madalali wa nyumba na viwanja, na wengine wanaoishi kwa kamisheni, wote wana hali moja inayofanana: malipo yao hupatikana siku mteja anapokubali. Mteja, kwa upande wake, hajui kama alishauriwa vema mpaka baadaye sana: siku duka linapoungua, siku mvua ya kwanza inapoingia chumbani, au siku mtu mwingine anapojitokeza na hati ya kiwanja kile kile. Kati ya siku hizo mbili ndipo sifa ya muuzaji hujengwa au hubomoka. Katika mji mkubwa anaweza kuhamia mtaa mwingine asijulikane. Katika kata, mteja wake wa jana ni jirani yake, mzazi mwenzake shuleni na mwanachama mwenzake wa VICOBA.

Somo hili linaeleza namna muuzaji wa kamisheni anavyoweza kupata wateja na kudumu nao bila kumsukuma mtu. Mfano mkuu ni wakala wa bima anayemhudumia mfanyabiashara wa sokoni, kwa kuwa katika bima ya moto ushauri mbaya huonekana nafuu siku ya kununua. Kisha mafunzo hayo yanatazamwa kwa ufupi katika kazi ya dalali wa nyumba. Wakazi watakaolisoma watajua pia maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Wakala anafanya kazi kwa niaba ya nani?

Jambo la kwanza ambalo wakala mwaminifu hulisema, hata kabla ya kuulizwa, ni nafasi yake. Wakala wa bima huiwakilisha kampuni ya bima na huuza bima za kampuni hiyo. Dalali wa bima, ambaye wengi humwita broka, humwakilisha mteja na humtafutia kampuni inayomfaa. Wote wawili hupaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na mteja ana haki ya kuomba kuona cheti cha usajili pamoja na tarehe ya mwisho wa muda wake.

Wakala anayesema wazi, “Mimi ni wakala wa kampuni hii, na nikikuuzia bima hupata kamisheni kutoka kwao,” hapotezi chochote. Mteja anajua tayari kwamba hakuna anayetembea juani bure. Akifichwa, atakuja kulijua mwenyewe, na siku hiyo atalitilia shaka kila neno aliloambiwa kabla.

Mfano: duka la vitenge sokoni

Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge na mashuka katika kibanda alichopanga katika soko la halmashauri. Amesikia habari za soko kuungua mahali pengine na anataka bima. Anamwambia wakala kwamba mali yake ni kama shilingi milioni 8, na kwamba angependa kukikatia bima na kibanda chenyewe, ambacho kwa makadirio yake kina thamani ya shilingi milioni 10.

Ili hesabu iwe rahisi, tuchukulie kwamba ada ya bima ya moto ni asilimia 0.5 ya thamani kwa mwaka, kabla ya kodi, na kwamba kamisheni ya wakala ni asilimia 15 ya ada hiyo. Viwango halisi hutofautiana kwa kampuni, aina ya jengo na aina ya bidhaa, lakini mwenendo wa hesabu ni ule ule.

Wakala mwenye haraka angeandika yote mawili papo hapo: milioni 8 za mali na milioni 10 za kibanda. Ada ingekuwa shilingi 90,000, kamisheni shilingi 13,500, na mama angeondoka akiwa ameridhika. Hata hivyo, sehemu zote mbili za bima hiyo zina kasoro.

Kasoro ya kwanza ni kibanda. Kibanda si mali ya mama huyu, ni cha halmashauri, naye ni mpangaji. Kanuni ya msingi ya bima ni kwamba mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye ndiye anayepata hasara. Kibanda kikiungua, mwenye hasara ya jengo ni mwenye jengo. Mama angelipa shilingi 50,000 kila mwaka kwa fidia ambayo kampuni ingekuwa na sababu ya kuikataa. Yapo mambo ambayo mpangaji anaweza kuyakatia bima kwa haki, kama vile rafu au milango ya chuma aliyoijenga kwa fedha zake. Hayo wakala huyauliza na kuyaandika peke yake.

Wakala mwema humwambia, “Mama, hiki kibanda si chako, usikilipie bima. Tuangalie mali yako tu.” Kwa maneno hayo amepoteza kamisheni ya shilingi 7,500. Lakini mama amemwona akikataa fedha yake kwa faida yake, na atakapoambiwa jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliamini, atakuwa na sababu ya kusikiliza.

Kuhesabu mali pamoja na mteja

Jambo hilo la pili ni thamani ya mali. Wafanyabiashara wengi hutaja kiasi kidogo kuliko kilichopo. Wengine wanahofia kodi, wengine wanahofia ada kubwa, na wengine hawajawahi kuhesabu. Wakala asibishane nao kwa maneno. Aombe muda wa saa moja au mbili asubuhi kabla ya wateja kuwa wengi, wahesabu pamoja: idadi ya vitenge, bei ya kununulia, kisha jumla. Bima ya mali ya duka kwa kawaida hufuata gharama ya kuinunua tena, haifuati bei ya kuuzia yenye faida ndani yake.

Katika mfano wetu, hesabu inaonyesha mali ya shilingi milioni 16. Kando yake kuna mashuka ya shilingi milioni 2 ambayo ni ya mali kauli: mwenye nayo ni mfanyabiashara wa jumla, na mama atamlipa baada ya kuuza. Mali ya mtu mwingine iliyo dukani huenda isihesabiwe ndani ya bima isipotajwa. Kwa hiyo wakala huiandika peke yake na kuiuliza kampuni kwa maandishi kama itaipokea. Vivyo hivyo kwa fundi cherehani mwenye vitambaa vya wateja na fundi redio mwenye vifaa vya watu.

Sasa inakuja hesabu ambayo kila mwenye duka anapaswa kuielewa. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kifungu cha uwiano. Maana yake ni kwamba mtu aliyekatia bima nusu ya mali yake atalipwa nusu ya hasara yake, hata kama hasara hiyo ni ndogo kuliko kiasi alichokatia.

Tuseme mama amekata bima ya milioni 8, na moto umeteketeza mali ya milioni 6. Yeye atatarajia kulipwa milioni 6 zote, kwa kuwa 6 ni pungufu ya 8. Mtathmini wa hasara, akikuta kwamba dukani kulikuwa na mali ya milioni 16, atagawanya 8 kwa 16 na kupata nusu. Fidia itakuwa milioni 3, na bado itapunguzwa sehemu ya hasara ambayo mkataba humtaka mteja aibebe mwenyewe.

Kama angekata bima ya milioni 16, ada ingekuwa shilingi 80,000 badala ya 40,000, na fidia ingekuwa milioni 6 kabla ya punguzo hilo la mkataba. Shilingi 40,000 zilizookolewa siku ya kununua zimegharimu milioni 3 siku ya hasara. Kinachouma zaidi ni kwamba mama ataona ametapeliwa, ingawa kampuni imefuata mkataba. Sokoni hatasimulia kifungu cha uwiano. Atasimulia jina la wakala.

Hapa wakala ana mtihani wake. Akimshauri mama akate bima ya milioni 16, kamisheni yake huongezeka kutoka shilingi 6,000 hadi 12,000, na ushauri wa kweli unafanana kwa sura na tamaa. Dawa yake ni kuonyesha hesabu yote kwenye karatasi, pamoja na kamisheni yenyewe, na kumwachia mteja karatasi hiyo. Mteja akitaka kubaki na milioni 8 kwa sababu ndizo anazozimudu, ni haki yake. Wakala humwandikia matokeo yake: kwa kila hasara ya shilingi 100, fidia itakuwa karibu na shilingi 50. Kinachojenga jina ni kwamba mteja alichagua akijua.

Yasiyomo ndani ya bima

Muuzaji mwenye shinikizo hutumia muda mrefu kueleza kile bima inacholipia. Mwenye jina hutumia muda mrefu zaidi kueleza kile isicholipia. Kwa duka letu, karatasi ya wakala inaweza kuwa na mistari mitano tu, kwa Kiswahili cha kawaida:

- Wizi haumo katika bima ya moto isipokuwa umeongezwa kwa maandishi na kulipiwa.
- Fedha taslimu zilizomo dukani hazimo.
- Mafuriko yatalipwa ikiwa tu yametajwa katika mkataba.
- Mali ikiongezeka kabla ya Idi au Krismasi, kiasi cha bima kiongezwe, kwa kuwa kipimo ni mali iliyokuwapo siku ya moto.
- Bima haianzi kabla ada haijalipwa.

Mstari wa mwisho ndio unaovunjwa mara nyingi kwa jina la wema. Wakala humwambia mteja anayefahamiana naye, “Nimekuwekea, utanilipa mwisho wa mwezi.” Kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kulipa ada ndiko kunakotangulia kinga. Moto ukitokea tarehe 20, hakuna bima, na urafiki wa miaka mingi unaishia hapo. Wema wa kweli ni kumwambia mteja akusanye fedha kwanza, au aulize kama kampuni ina utaratibu wa malipo unaomfaa.

Baada ya karatasi hiyo, wakala huondoka. Humwambia mteja asome, amwulize mwenzi wake au kijana wake aliyesoma, na hutaja siku moja ya kurudi, kwa mfano baada ya siku tatu. Kama jibu ni hapana, hushukuru na hauendelei kupiga simu. Mteja aliyekataa kwa amani mwezi Machi huwa na wepesi wa kumwita mwenyewe mwezi Oktoba.

Akikubali, malipo hufanywa kwa njia rasmi ya kampuni, si kwa namba binafsi ya simu ya wakala, na mteja hupewa stakabadhi na mkataba. Kwa bima ya gari au pikipiki, wakala mwema humwonyesha mteja namna ya kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA MIS, wakiwa wawili, palepale. Mteja aliyejihakikishia mwenyewe huwafundisha wenzake kituoni, na wakala hana haja ya kujitangaza.

Kabla ya hasara na baada yake

Kuna kazi ndogo ambayo haina kamisheni, nayo hujenga jina kuliko zote. Fidia ya duka hudaiwa kwa ushahidi: daftari la mali, stakabadhi za manunuzi, picha. Mara nyingi vyote hivyo huwekwa ndani ya duka, na huungua pamoja nalo. Wakala anayejua kazi yake humfundisha mteja kupiga picha rafu zake na kurasa za daftari kila mwisho wa mwezi, na kuzituma kwa ndugu anayemwamini au kuhifadhi nakala nyumbani.

Hasara ikitokea, wakala hufika. Humsaidia mteja kutoa taarifa kwa kampuni mara moja, ndani ya muda ulioandikwa katika mkataba, na kuomba taarifa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au ya Polisi. Humwonya asitupe mabaki kabla mtathmini hajayaona, ingawa anaruhusiwa, na anapaswa, kuokoa kilicho kizima kisiharibike zaidi. Hamwahidi kiasi cha fidia, kwa sababu uamuzi huo si wake. Humweleza hatua iliyofikiwa kila wiki, hata wiki ambayo hakuna jipya. Fidia ikikataliwa na mteja haridhiki, wakala humwonyesha njia ya kulalamika kwa kampuni, na kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ingawa malalamiko hayo ni dhidi ya kampuni inayomlipa. Hilo ni gumu kwake, na ndiyo maana watu hulikumbuka.

Dalali wa nyumba: mafunzo yale yale

Dalali wa nyumba za kupanga naye hulipwa mteja anapokubali, mara nyingi kwa kiasi kinacholingana na kodi ya mwezi mmoja. Mpangaji hutakiwa kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, hivyo kosa likifanyika hawezi kuhama kesho yake. “Yasiyomo” ya dalali ni kasoro za nyumba: maji hutoka siku ngapi kwa wiki, mita ya LUKU ni ya chumba kimoja au inachangiwa na wapangaji wanne, choo ni cha nani, njia hujaa maji mvua ikinyesha au haijai. Dalali anayeyasema haya kabla ya kwenda kuitazama nyumba huokoa nauli ya mteja na muda wake mwenyewe. Wanaobaki baada ya kusikia kasoro ndio watakaokaa, na mpangaji anayekaa humfurahisha mwenye nyumba, ambaye nyumba ikiwa wazi tena atamwita dalali huyo huyo.

Fedha ni pale pale. Dalali mwenye jina hutaja malipo yake yote mwanzoni, ikiwa ni pamoja na ada ya kuonyesha nyumba kama anaitoza, na husema kama inakatwa katika malipo ya mwisho. Kodi humkabidhi mwenye nyumba mpangaji mwenyewe, au hulipwa kwenye akaunti yake, kwa mkataba wa maandishi. Dalali anayepokea kodi mkononi mwake kwa madai kwamba mwenye nyumba amesafiri anajibebesha shaka hata kama ni mkweli.

Kwa viwanja tahadhari ni kubwa zaidi. Kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati, mnunuzi afanye upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati kabla ya kulipa chochote. Kwa ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye kuidhinisha uhamisho. Saini ya mashahidi wa mtaani husaidia kuthibitisha makubaliano, lakini haichukui nafasi ya hatua hizo. Dalali anayemsindikiza mnunuzi kwenye upekuzi huenda akapoteza mauzo siku hiyo, nayo ni bora kuliko kuitwa shahidi katika kesi miaka mitatu baadaye.

Dalili za shinikizo

Wakazi wanaweza kulitambua shinikizo kwa dalili chache. Ya kwanza ni haraka isiyo na sababu: “ofa inaisha leo,” “kuna mwingine anakuja na fedha jioni.” Ya pili ni kutumia heshima ya mtu mwingine, kwa mfano kuwaambia wajumbe wa kikundi kwamba mwenyekiti wao ameshakata bima, kwa hiyo nao wakate. Ya tatu ni kutumia undugu na ujirani ili kukataa kuonekane ni kumdharau mtu. Ya nne ni simu zinazopigwa kwa namba ambayo mkazi hakumpa muuzaji. Orodha ya wanachama wa VICOBA au ya wazazi wa shule haikukusanywa kwa ajili ya biashara ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa.

Muuzaji naye ajipime kwa swali moja: je, maelezo aliyompa mteja angeweza kuyarudia neno kwa neno mbele ya mteja huyo siku ya hasara? Kama hawezi, kamisheni hiyo ni mkopo, na riba yake hulipwa kwa jina.

Wapi pa kuuliza

Mkazi mwenye shaka kuhusu wakala wa bima awasiliane na ofisi ya TIRA ya kanda yake au kampuni inayotajwa kwenye cheti cha wakala. Masuala ya umiliki na mipaka ya viwanja yapelekwe kwa Ofisi ya Ardhi ya halmashauri kabla ya malipo. Wafanyabiashara wa kamisheni wanaotaka kujua leseni inayowahusu wamwone Afisa Biashara wa halmashauri. Wasiojua waanzie wapi wafike kwa Mtendaji wa Kata, wakiwa na nakala ya kila karatasi waliyopewa na muuzaji. Na kama muuzaji hakutoa karatasi yoyote, mkazi asitoe fedha kabla ya kuipata.